Rosti ya ng'ombe na maharage machanga: kublanchi, kusote na kusima vinafanyikaje kwenye jiko la nyumbani?

MgeniWaIlazo

Wakuu habari za jioni. Nimehamishiwa Dodoma kikazi, naishi peke yangu huku Ilazo na ndiyo kwanza naanza kujipikia. Jumapili nina wageni wanne, nimepanga kuwapikia rosti ya ng'ombe yenye maharage machanga (yale mabichi membamba ya kijani, yanayoliwa na ganda lake). Mapishi nimeyapata kwenye simu, na ni mafupi mno. Nayaweka kama yalivyo:

"Maharage machanga gramu 250: blanch dakika 2. Kitunguu, karoti na kitunguu saumu: saute hadi vilainike. Nyama kilo 1 na nyanya: simmer saa 2. Maharage yarudi mwishoni."

Mimi ninachokijua ni kuchemsha na kukaanga. Hizi tatu zinatofautianaje na hizo, na nitajuaje kama nimefanya sawasawa? Halafu kuna jambo linanitatiza zaidi: kama maharage yanarudi kwenye nyama hatimaye, kwa nini yasiingie humo tangu mwanzo tukaokoa gesi?

Nina jiko la gesi la plet mbili, sufuria mbili za kawaida, kikaango kimoja na chujio. Friji sina bado.

---

mama_wa_kizota

Karibu Dodoma mwanangu. Usijichoshe na maneno ya kwenye simu. Nyama ya huku ni ya ng'ombe wanaotembea, ina nguvu. Ichemshe kwanza na tangawizi na chumvi mpaka iive, kisha kaanga vitunguu na nyanya, tumbukiza nyama, rudishia supu yake kidogo, umemaliza. Maharage chemsha pembeni, tia magadi kidogo tu, yatabaki kijani kama yametoka shamba.

---

JikoKubwa

Shikamoo mama. Napika hotelini hapa mjini, naomba niongeze kidogo kwenye ulichosema, na hilo la magadi nitalirudia.

MgeniWaIlazo, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Maharage hayaingii na nyama kwa sababu mbili. Nyama inataka saa mbili, maharage yanataka dakika chache. Ukiyaweka pamoja yatakuwa yamevurugika kabla nyama haijalainika. Ya pili wengi hawaijui: mchuzi wako una nyanya, na nyanya ina uchachu. Rangi ya kijani ya mboga haipatani na uchachu. Mboga ikikaa kwenye mchuzi wa nyanya wa moto kwa dakika kumi au kumi na tano, ukijani unageuka rangi ya kaki iliyofifia, na hakuna namna ya kuurudisha. Ndiyo maana mwenye mapishi anayaivisha pembeni na kuyarudisha wakati sufuria inakaribia kuepuliwa.

Sasa kublanchi kwenyewe. Chukua sufuria yako kubwa, jaza maji mengi, kama lita mbili na nusu au tatu kwa hizo gramu 250. Tia chumvi kijiko kimoja cha chakula. Subiri yachemke hasa, yale mapovu makubwa yanayopandana juu na ambayo hata ukikoroga hayatulii. Hapo ndipo utumbukize maharage, yakiwa yameshakatwa ncha. Usifunike. Hesabu dakika mbili, chukua moja uonje: linatakiwa kukatika kwa mlio kidogo chini ya jino lakini lisiwe na ule ladha ya ubichi wa majani. Kama bado, ongeza nusu dakika. Kisha mimina kwenye chujio na moja kwa moja uyatie kwenye maji ya baridi.

Kila kimoja hapo kina kazi yake. Maji yawe mengi kwa sababu maharage ni ya baridi. Yakiingia kwenye maji machache, mchemko unakufa na inachukua muda kurudi. Muda huo wote mboga inakaa kwenye joto la katikati, na humo ndimo inamopoteza rangi na kulainika bila mpango. Kutofunika ni kwa sababu mboga yenyewe inatoa uchachu kidogo inapopata moto, na sehemu yake inaondoka na mvuke. Ukifunika, unarudi kwenye sufuria. Maji ya baridi ni ya kukata joto, maana maharage yakikaa kwenye chujio yanafuka mvuke, yanaendelea kuiva hapohapo.

---

MgeniWaIlazo

Asante sana mkuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Kwenye simu nilikuta picha ya maji yenye barafu. Mimi barafu sina.

---

JikoKubwa

Si lazima barafu. Andaa beseni mbili za maji ya baridi kabla hujawasha gesi. Ukiwa na mtungi wa udongo au ndoo iliyokaa kivulini usiku kucha, maji yake yanatosha. Maharage yaingie beseni ya kwanza nusu dakika, maji yatapata uvuguvugu. Yahamishie beseni ya pili. Yaguse: yakiwa ya baridi mpaka ndani, yatoe mara moja, uyakaushe kwenye kitambaa safi. Usiyaache yaloweke, yanapoteza ladha na kunyonya maji.

Maji hayo yawe yameshachemshwa na kupozwa, kama unayokunywa. Kwenye rosti maharage yatarudi motoni, lakini siku ukitaka kuyala kwenye kachumbari hayatapata moto tena.

Na mama wa Kizota, kuhusu magadi: uko sahihi kabisa kwamba yanabakisha kijani, kwa sababu yanaua ule uchachu nilioutaja. Ila magadi hayohayo yanalainisha ganda la mboga. Maharage machanga yanateleza nje, yanakuwa kama yameiva mara mbili, na vitamini nazo zinapungua. Kwenye mlenda yana kazi yake, utelezi ndio unaotakiwa. Kwa maharage haya, maji mengi na dakika mbili vinatosha.

---

mama_wa_kizota

Marahaba mwanangu. Ni kweli yanalegea, hilo nimeliona miaka yote, nikidhani maharage ya siku hizi ndivyo yalivyo. Lakini kwenye nyama sijakubali bado. Endelea.

---

binti_wa_kondoa

Samahani kuingilia. Hii kublanchi ndiyo ileile tunayofanya kabla ya kukausha majani ya kunde? Sisi nyumbani tunayachovya kwenye maji yanayochemka, tunayatoa, tunayaanika. Jirani yangu anayaanika mabichi moja kwa moja na ya kwake yanatoka meusimeusi na yananuka nyasi. Nataka kujua kama tunapoteza kitu kwa kuyachovya, maana maji yanabaki ya kijani.

---

JikoKubwa

Ndiyo yenyewe dada. Ndani ya jani kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata baada ya kuchuma, ndivyo vinavyobadilisha rangi na kuleta hiyo harufu ya nyasi kavu. Maji yanayochemka yanavizima. Jani la kunde ni jembamba, dakika moja hadi mbili inatosha. Na ndiyo, mnapoteza kitu: vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, hasa vitamini C, baadhi zinabaki kwenye sufuria. Ukiyapitisha kwenye mvuke badala ya kuyazamisha upotevu unapungua, ila inachukua muda kidogo zaidi. Muanike kivulini penye upepo kama mnaweza, jua kali nalo linakula rangi.

---

binti_wa_kondoa

Kivulini huku kwetu vumbi ndilo tatizo. Tutatafuta neti. Asante.

---

DerevaWaAlizeti

Nasoma kimyakimya. MgeniWaIlazo, kabla hujafika kwenye hatua ya pili sema unatumia mafuta gani. Nauliza kwa sababu wageni wengi wakija Dodoma wananunua alizeti ya kukamua kwenye madumu, ya Kibaigwa au Singida, halafu wanalalamika moshi.

---

MgeniWaIlazo

Ndiyo niliyonunua, dumu la lita tano. Ina rangi nzito na harufu nzuri. Kuna shida?

---

DerevaWaAlizeti

Haina shida yoyote, ni mafuta mazuri. Lakini hayajasafishwa, kwa hiyo yanaanza kutoa moshi mapema sana kuliko yale meupe ya chupa ya kiwandani, na mara nyingine yanatoa povu yakipata moto. Ukiyaacha kwenye kikaango yakafuka kama watu wanavyofanya, chakula chote kinachukua uchungu. Yapashe kwa moto wa wastani, tia kitunguu mapema.

---

JikoKubwa

Nakubaliana naye, na hapo ndipo penye kusote. Usoteaji ni kukaanga kwa mafuta kidogo, kwenye chombo kipana, kwa vipande vidogo, huku ukigeuzageuza. Kwa vitunguu viwili vikubwa na karoti mbili, vijiko viwili au vitatu vya mafuta vinatosha kabisa. Ukikaanga maandazi au samaki, unayategemea mafuta yaivishe. Hapa mafuta kazi yake ni kupeleka joto la chuma kwenye kila upande wa kipande.

Kwa alizeti yako ya kukamua fanya hivi. Washa moto wa kati, tia mafuta, tia kipande kimoja tu cha kitunguu. Mwanzoni kitakaa kimya. Kikianza kuzungukwa na vipovu vidogo na kutoa mlio wa "shiii" unaosikika, tia vingine vyote. Sikiliza huo mlio mpaka mwisho. Kitunguu kina maji mengi, na mlio huo ni maji yanayogusa mafuta na kuondoka kama mvuke. Ukiendelea, mambo ni mazuri. Ukigeuka ukawa mguno mzito kama uji, maji yamezidi moto.

Mapishi yanasema "hadi vilainike", maana yake kitunguu kiwe laini na kipitishe mwanga, pembeni kikianza umanjano kidogo. Dakika sita hadi nane. Usikipeleke mpaka hudhurungi ile ya pilau, hiyo ni ladha nyingine na itafunika nyanya. Karoti zitangulie dakika mbili kabla ya kitunguu kwa sababu ni ngumu. Kitunguu saumu kiwe cha mwisho kabisa, nusu dakika tu, kikishatoa harufu tia nyanya juu yake, kwa sababu kikiungua kinakuwa kichungu.

---

fundi_wa_Nkuhungu

Mimi hiyo yote nafanya ndani ya sufuria moja. Natia mafuta, kitunguu, karoti, hoho, nyanya, nyama, vyote kwa pamoja, nafunika. Inaiva vizuri tu na vyombo vya kuosha ni kimoja. Sioni kwa nini mtu ajitese.

---

JikoKubwa

Inaiva mkuu, sibishi. Ila kilichofanyika humo ni kuchemsha kwa maji ya mboga zenyewe. Kitunguu hakipati kamwe joto la kutosha kubadilika ladha, kwa sababu maji yakiwepo joto haliwezi kupita la maji yanayochemka. Jaribu siku moja kusote kitunguu peke yake dakika saba kabla ya kutia kingine, kwenye sufuria hiyohiyo, halafu uonje mchuzi. Vyombo vinabaki kimoja vilevile.

---

mwalimu_wa_fizikia

Na kwa kuwa umetaja joto la maji yanayochemka: wapishi wa Dodoma wajue kwamba hapa hayafiki nyuzi 100. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Aliyetoka Tanga au Dar atashangaa maharage makavu na nyama vinachukua muda mrefu zaidi huku kuliko alikozoea. Kuongeza moto hakusaidii, maji yakishachemka hayapandi tena, yanaisha tu haraka.

---

MgeniWaIlazo

Mwalimu asante, mimi nimetokea Tanga kweli. Sasa kama maji yakishachemka hayapandi tena, hiyo simmer ina maana gani? Si ni kuchemsha tu kwa moto mdogo? Joto si lilelile?

---

mama_wa_kizota

Swali zuri. Na mimi ndilo ninalolingoja.

---

JikoKubwa

Joto si lilelile, na tofauti yake ndogo inafanya kazi kubwa. Kwenye kutokota taratibu (ndiyo hiyo simmer) maji hayajafika kuchemka. Yako kama nyuzi 85 hadi 93. Bila kipimajoto utaitambua kwa macho: ukifunua sufuria, uso wa mchuzi umetulia, unatetemeka kidogo, na kipovu kimoja kinapanda hapa, kingine pale, unaweza kuvihesabu. Mvuke mwembamba unapanda. Mapovu yakipanda kila mahali kwa pamoja na vipande vya nyama vikirukaruka, umeshavuka.

Kwa nini tujali? Nyama ngumu ina vitu viwili. Kuna nyuzi za nyama yenyewe, na kuna ile ngozingozi na kano zinazozishika pamoja. Nyuzi zikipata joto kali zinajikaza na kukamua maji yake nje. Kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyokamuka. Kano zinataka kinyume chake, zinataka muda. Kuanzia kama nyuzi 70 zinaanza kuyeyuka polepole na kuwa ule ute unaofanya mchuzi ushike midomo. Kwa hiyo unatafuta joto linaloyeyusha kano bila kuzibana nyuzi kupita kiasi, na unalishikilia hapo kwa saa mbili.

Ukichemsha kwa nguvu nyama itaiva, itaachana nyuzinyuzi hata. Lakini ukiitafuna ni kavu, wakati imezungukwa na mchuzi. Bila shaka umewahi kuila ya namna hiyo kwenye shughuli. Na mafuta yanapigwapigwa na mapovu mpaka yanachanganyika na mchuzi, unakuwa na ukungu na uzito wa mafuta.

Nunua nyama ya kifua au ya mguu, yenye kano. Steki tupu usichukue kwa kazi hii. Haina cha kuyeyuka, saa mbili zitaikausha tu. Kata vipande vya sentimita tatu au nne, vidogo sana vinakauka. Maji ya moto yafunike nyama kidogo tu.

---

mama_wa_kizota

Sasa nimekuelewa mwanangu, lakini na mimi nisikilize. Ninapochemsha nyama kwanza simwagi supu, na kwenye mkaa ninafunga kidirisha cha jiko, inachemka polepole tangu asubuhi. Hiyo si ndiyo hiyohiyo yako? Kisha nikiikaanga na vitunguu mwishoni inapata ukaango mzuri ambao yako ya kwenye mchuzi haina.

---

JikoKubwa

Mama, kwa maelezo hayo unafanya sawasawa, umebadilisha tu mpangilio. Kosa ni kwa wanaochemsha kwa moto wa kufa na kupona halafu wanamwaga supu. Ukaango wako wa mwishoni una ladha kweli. Mimi napendelea kukaanga nyama mbichi kwanza, ikiwa imekaushwa kwa kitambaa, vipande vichache kwa wakati mmoja, mpaka ishike rangi, halafu ndiyo iingie kwenye mchuzi, kwa sababu ile rangi iliyoganda chini ya kikaango inayeyuka na kuingia kwenye rosti. Mapishi ya MgeniWaIlazo hayakuitaja hatua hiyo. Aamue mwenyewe.

---

mama_wa_kizota

Ya kwangu haikaushi gesi. Tutabaki hapo.

---

MgeniWaIlazo

Jumapili imefika wakuu, niko jikoni sasa hivi. Maharage yametoka kijani kibichi hasa, nimefurahi. Lakini vitunguu vimetoa maji, vinaelea. Nimewasha moto wa kati, nimetia kitunguu na karoti pamoja, na chumvi kijiko kimoja. Hakuna mlio wowote. Nifanyeje?

---

JikoKubwa

Chumvi ndiyo iliyovuta maji nje, na nadhani kikaango kimejaa. Usitie kitu kingine. Ongeza moto uwe mkubwa, usifunike, visambaze viwe tabaka moja. Kama haviwezi kuwa tabaka moja, toa nusu uweke pembeni kwenye sahani. Maji yataondoka kama dakika tatu au nne. Mlio ukibadilika kutoka mguno kuwa "shiii", rudisha moto wa kati mara moja, maana sasa hakuna maji ya kuvilinda na vinaweza kuungua ghafla. Chumvi ya rosti nzima ipunguze kwa hicho kijiko.

---

MgeniWaIlazo

Umebadilika kweli mlio! Nimetoa nusu, nikasote kwa awamu mbili. Vimelainika, vinang'aa. Nyama nimeikaanga kidogo kama ulivyosema, nyanya zimeshaingia na zimeanza kuachana na mafuta. Sasa nina tatizo lingine: gesi nimeishusha mpaka mwisho na bado mchuzi unachemka kwa nguvu. Ikishuka zaidi inazimika.

---

fundi_wa_Nkuhungu

Hapo ni kwangu. Majiko mengi ya plet mbili yana mdomo mkubwa na mdogo, hakikisha uko kwenye mdogo. Kama bado, isogeze sufuria, moto uguse ukingo mmoja tu, na kila dakika kumi na tano uizungushe. Njia ninayoipenda zaidi: weka kikaango kikavu cha chuma kizito juu ya moto, sufuria juu yake. Sufuria zetu za alumini ni nyembamba, zinapokea moto wote sehemu moja, hicho chuma kinautawanya. Usitumie kikaango cha kutoganda, hicho kikikaa kitupu juu ya moto kinaharibika.

---

mama_wa_kizota

Na funua mfuniko kidogo, uache upenyo wa kidole. Ukifunika kabisa inachemka tena.

---

mwalimu_wa_fizikia

Hapo sikubaliani. Ukiacha upenyo maji yanapotea, na katika saa mbili utakuwa unaongeza maji kila mara. Afunike kabisa na ashushe moto.

---

JikoKubwa

Kama moto wake hauwezi kushuka zaidi, mama ana haki, upenyo unapoza. Kama angekuwa na moto mdogo wa kutosha ningemfuata mwalimu. Hotelini tunafunika wakati wa saa ya kwanza, tunafunua mwishoni ili mchuzi uwe mzito. Nyumbani kwangu nafanya vyote viwili kutegemea siku. Akiongeza maji, yawe ya moto.

---

MgeniWaIlazo

Ripoti. Nimeweka kikaango chini ya sufuria, upenyo wa kidole, vipovu vikatulia vikawa vya kuhesabika. Saa mbili zilipofika uma uliingia lakini haukugeuka kirahisi, nikakumbuka zile nyuzi 96 za mwalimu, nikaongeza nusu saa. Ikalainika bila kukauka. Maharage yalirudi dakika tatu za mwisho. Wageni wamekula, wameomba nyongeza.

Kilichonishangaza: rosti iliyobaki kwenye sufuria, jioni nilipoifunua maharage yote yamegeuka kaki.

---

JikoKubwa

Hongera. Huo ndio uchachu wa nyanya, umeendelea kazi yake mchuzi ulipokuwa wa uvuguvugu. Siku nyingine usiyarudishe yote. Rudisha ya watu waliopo mezani, mengine yabaki makavu pembeni, uyatie dakika tatu kabla ya kupakua. Na kwa kuwa huna friji, hiyo iliyobaki kama bado haijakaa muda mrefu nje, ichemshe sasa hivi, mchemko kamili wa mapovu makubwa, uile usiku huuhuu. Kama imekaa tangu mchana kwenye joto hili la Dodoma, imwage.

---

binti_wa_kondoa

Na njegere mbichi ni dakika ngapi? Zimejaa Majengo wiki hii.

---

JikoKubwa

Changa kabisa, dakika moja na nusu. Zilizokomaa zinataka zaidi, mbili hadi tatu. Anza kuonja mapema.